Chemsha Bongo ya Historia Munje: Raundi, Alama na Njia ya Haki ya Kukata Sare

Chemsha bongo ya kurudia historia ni mchezo wa timu ambao maswali yake yote hutoka katika mafunzo yaliyokwisha kufundishwa, na mshindi hupatikana kwa kujumlisha alama za raundi kadhaa. Neno zito hapo ni kurudia. Mashindano ya maswali ya redioni na kwenye televisheni humtafuta anayejua mengi. Mchezo wa kurudia hutafuta kilichosahauliwa, ili kifundishwe tena kabla ya mtihani. Ndiyo maana kanuni zake zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Alama zikifuata wepesi wa mkono, bahati ya zamu au ubingwa wa mwanafunzi mmoja, mwalimu ataondoka akijua nani ameshinda bila kujua darasa limesahau nini.

Kijiji cha Munje, upande wa Msambweni, kinafaa kuwa mahali pa kuonyesha mpango huo, kwa sababu sehemu kubwa ya historia ya vitabuni imepita karibu na mlango wake. Gazi iko kaskazini. Shimoni, Wasini na Vanga ziko kusini, na baada ya Vanga ni mpaka wa Tanzania. Munje yenyewe imo ndani ya ule ukanda wa pwani wa maili kumi ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886 kuwa ni milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwanafunzi wa hapa akisoma juu ya ukanda huo, anasoma juu ya uwanja anaochezea mpira.

Kazi ya kwanza ni kuchagua kipindi, na kipindi kifupi ni bora kuliko kirefu. Maswali yakitoka mwaka 1498 hadi 1963, mengi hujibika bila kusoma: hakuna anayedhani kwamba Vasco da Gama alifika Mombasa baada ya reli. Katika mhadhara huu kipindi ni 1870 hadi 1907, miaka thelathini na saba iliyojaa matukio yanayofanana na yanayochanganya. Mwaka 1870 Barghash alitawazwa Zanzibar. Mwaka 1873 alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Mwaka 1887 aliwapa Waingereza wa kundi la William Mackinnon haki ya kuendesha ukanda wa pwani, na mwaka 1888 kundi hilo likapata hati ya kifalme na kuwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Februari 1895 Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu, alifariki, na mzozo wa urithi wake ukawasha vita vya Wamazrui. Tarehe 1 Julai mwaka huo serikali ya Uingereza ilichukua utawala kutoka kwa Kampuni. Agosti, ngome ya Mwele ya Mbaruk bin Rashid wa Gazi ilivamiwa, na Aprili 1896 Mbaruk akavuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Agosti 1896 kasri ya Zanzibar ilipigwa mizinga. Sheria ya kukomesha utumwa ilitoka Zanzibar mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Kanuni moja inabeba mpango wote: kila swali huulizwa timu zote, kwa wakati mmoja, na majibu huandikwa. Katika chemsha bongo nyingi za shule kila timu hupewa swali lake kwa zamu. Timu ya kwanza huulizwa mwaka wa uhuru wa Kenya, ya pili huulizwa jina la aliyeongoza Kampuni, kisha zote mbili hulinganishwa kana kwamba zimebeba mzigo mmoja. Hata maswali yakiandaliwa kwa nia safi, uzito wake haulingani. Tena swali lililokosewa likihamishwa kwa timu ya pili, timu hiyo hupata muda zaidi wa kufikiri na jibu moja baya limekwisha ondolewa mbele yake. Hapo bahati ya kukaa kiti fulani hugeuka alama.

Kengele nayo haitumiki. Mashindano ya vyuo vikuu ya Celtel Africa Challenge, yaliyoanza mwaka 2007 na kuongozwa na John Sibi-Okumu, yaliwapa wachezaji wanne wa kila timu vitufe vya kubonyeza, na mitambo iliamua nani aliyetangulia. Mitambo ile ilikuwa haki yenyewe. Darasani Munje, ambako kengele ingekuwa glasi na kijiko au kiganja juu ya dawati, anayeamua ni sikio la mwalimu, na sikio huwasikia walio karibu mapema zaidi. Ugomvi wa nani aliyegonga kwanza hauna ushahidi wa kuumaliza. Karatasi ina ushahidi, kwa kuwa maandishi hayafutiki kwa ubishi.

Kukusanya watu na kuwatega swali moja wote si jambo geni pwani. Anayesema “Kitendawili!” huitikiwa “Tega!” na baraza zima, swali ni la kila aliyeketi, na wakishindwa wote humpa mtegaji mji. Mpango huu unaurejesha utaratibu huo darasani, na raundi yake ya tatu inauiga waziwazi.

Timu nne zinatosha, kila moja na wachezaji wanne. Hupewa majina ya mahali wanapopajua: Gazi, Shimoni, Vanga na Ramisi. Wachezaji hugawanywa na mwalimu kwa kufuata matokeo ya jaribio lililopita, ili kila timu ipate mmoja wa juu, wawili wa kati na mmoja anayehitaji msaada. Wanafunzi wakiachwa wachaguane, marafiki wenye nguvu hukaa pamoja na mchezo huisha kabla ya kuanza. Vifaa ni karatasi, kalamu, saa, ubao na chaki. Watu wazima watatu wanahitajika: mwuliza maswali mmoja, na waamuzi wawili ambao pia hutunza alama, mmoja ubaoni na mwingine daftarini. Hesabu hizo mbili hulinganishwa kila raundi inapokwisha. Kosa la kujumlisha likigunduliwa mwishoni huwa limekwisha kuzaa shangwe au machozi, na kulirekebisha wakati huo ni vigumu hata likiwa wazi.

Raundi ya kwanza ni ya majibu mafupi. Maswali ni manane, kila moja alama 2, jumla 16. Kalamu huzunguka: kila mchezaji hujibu maswali mawili peke yake huku wenzake wakinyamaza, kwa sekunde thelathini. Hiki ndicho kipengele kinachomzuia bingwa mmoja kuibeba timu, na ndicho kinachomwonyesha mwalimu nani hasa amesahau. Swali likiuliza mwaka, mwaka kamili hupata alama 2, na mwaka uliokosewa kwa mmoja au miwili hupata 1. Hakuna alama zinazokatwa kwa kukosea. Adhabu ya kukatwa alama ina maana palipo na kengele, kwa kuwa huwazuia watu kukurupuka. Kwenye karatasi hufanya jambo moja tu: humfundisha mwanafunzi mwenye wasiwasi kuacha nafasi tupu, na nafasi tupu haimwambii mwalimu lolote.

Tahajia haiadhibiwi. Mtihani wa Historia na Serikali wa kidato cha nne huandikwa kwa Kiingereza, wanafunzi hujadiliana kwa Kiswahili na Kidigo, na vitabu vyenyewe havikubaliani: huyu huandika Mbaruk, yule Mubarak, hapa Mwele, pale Mweli. Jibu linalomtambulisha mtu au mahali bila shaka ni jibu sahihi.

Raundi ya pili ni ya mpangilio, na ndiyo yenye thamani kubwa kwa kurudia historia. Kila timu hupewa kadi tano, kila kadi ina tukio moja bila mwaka, na kwa dakika tatu timu huzipanga kuanzia tukio la kale hadi la karibuni. Mikupuo ni miwili. Kadi za mkupuo wa kwanza ni mkataba wa kufunga soko la watumwa (1873), mapatano ya Waingereza na Wajerumani (1886), hati ya Kampuni (1888), kuvamiwa kwa Mwele (1895) na kupigwa mizinga kwa Zanzibar (1896).

Ugumu uko katika kusahihisha. Njia inayotumiwa na wengi ni kutoa alama moja kwa kila kadi iliyo mahali pake. Chukua timu iliyoupeleka mkataba wa soko mwisho kabisa, kwa kuuchanganya na sheria ya 1897, na kuyapanga mengine manne sawasawa. Mapatano sasa yako nafasi ya kwanza badala ya pili, hati iko ya pili badala ya tatu, na hivyo hivyo hadi mwisho. Hakuna kadi hata moja iliyo mahali pake. Timu inapata sifuri, ingawa imekosea jambo moja tu. Ikiwa karibu nayo kuna timu iliyobahatisha na kadi mbili zikaangukia mahali pake, yenye kubahatisha inaongoza.

Njia ya haki ni kuhesabu jozi. Kadi tano hufanya jozi kumi, na kwa kila jozi mwamuzi huuliza swali moja: je, tukio la mapema limetangulizwa? Timu iliyoukosea mkataba peke yake imepoteza jozi nne, yaani mkataba na kila moja ya kadi nne, na imepata sita. Timu iliyobadilishana mapatano na hati tu imepoteza jozi moja na kupata tisa. Sasa alama zinafuata kiasi cha kosa. Lakini bado kuna jambo moja. Anayepanga kadi bila kujua chochote atapata, kwa wastani, jozi tano kati ya kumi, kwa sababu kila jozi ina nafasi sawa ya kuwa sahihi au kinyume. Kwa hiyo alama ya timu ni jozi sahihi ukitoa tano, na ikishuka chini ya sifuri huandikwa sifuri. Mpangilio kamili hupata 5, ule wa jozi tisa hupata 4, na ule wa jozi sita hupata 1. Mikupuo miwili huleta jumla ya alama 10.

Mkupuo wa pili huchukua matukio yaliyosongamana: kifo cha liwali wa Takaungu, serikali ya Uingereza kuchukua utawala kutoka kwa Kampuni, kuvamiwa kwa Mwele, Mbaruk kuvuka mpaka, na Zanzibar kupigwa mizinga. Yote ni ya miezi kumi na tisa, Februari 1895 hadi Agosti 1896. Mwanafunzi aliyekariri miaka pekee atakwama, kwa sababu matatu ni ya 1895 na mawili ni ya 1896. Aliyeelewa ataweza kuyapanga bila tarehe hata moja. Mzozo haukuweza kuanza kabla ya liwali kufariki, na Mbaruk hakuwa na sababu ya kukimbilia kwa Wajerumani kabla ya ngome yake kuvamiwa. Mwandaaji ajihadhari na jambo moja: asitie katika mkupuo mmoja matukio mawili ya mwezi mmoja, wala tukio lililochukua miaka. Kadi iliyoandikwa “ujenzi wa reli” haifai, kwa sababu kazi ilianza Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Iandikwe ama kuanza, ama kufika.

Raundi ya tatu ni ya vidokezo, na kwa heshima ya kitendawili inaweza kuitwa raundi ya Mji. Mtu, mahali au tukio hutegwa kwa vidokezo vinne, kuanzia kigumu hadi chepesi. Timu inayoandika jibu sahihi baada ya kidokezo cha kwanza hupata alama 4, baada ya cha pili 3, baada ya cha tatu 2, baada ya cha nne 1. Kila timu ina jibu moja tu. Ikishaikabidhi karatasi yake kwa mwamuzi, imefunga mlango, iwe imepata au imekosa. Vitendawili ni vitatu, jumla alama 12. Visipoteguliwa na timu yoyote, mwuliza maswali huomba mji wake kama kawaida, na hakuna anayepata alama.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi vidokezo vinavyotengenezwa. Kidokezo cha kwanza: alimalizia maisha yake Dar es Salaam, akiwa amepewa hifadhi na Wajerumani. Cha pili: baba yake alikuwa liwali wa mwisho wa Mombasa kutoka ukoo wake, aliyeondolewa na Seyyid Said mwaka 1837. Cha tatu: ngome yake ya bara ilivamiwa na jeshi la Admirali Rawson, yule yule aliyeipiga Zanzibar mizinga mwaka uliofuata. Cha nne: makao yake yalikuwa Gazi. Jibu ni Mbaruk bin Rashid wa Gazi, na maneno “wa Gazi” ni ya lazima. Katika vita vile vile alikuwamo mtu mwingine aliyeitwa Mbaruk bin Rashid, wa Takaungu, ambaye kunyimwa kwake uliwali ndiko kulikowasha moto. Ndiyo sababu kidokezo cha pili kinataja Mombasa: kila mmoja wao alikuwa mwana wa Rashid, lakini Rashid mmoja tu ndiye aliyekuwa liwali wa Mombasa. Kidokezo kinachoweza kuwaelekea watu wawili si kigumu, ni kibovu.

Raundi ya nne ni ya sababu, na ina alama 6. Timu zote hupewa tukio moja na dakika tano za kuandika aya fupi. Alama 2 ni za sababu iliyo ya kweli, 2 za kueleza jinsi sababu hiyo ilivyozaa tukio, na 2 za tokeo lililofuata. Karatasi hubeba alama ya siri badala ya jina la timu. Kila mwamuzi husahihisha peke yake, kisha wastani wao huchukuliwa. Wakitofautiana kwa zaidi ya alama 2, husoma aya pamoja na kukubaliana.

Tukio likiwa ni kuingia vitani kwa Mbaruk wa Gazi, jibu dhaifu husema kwamba aliwachukia Waingereza. Hilo halielezi kwa nini iwe mwaka 1895, wala kwa nini kabla ya hapo alikuwa amesikilizana na Kampuni. Jibu lenye nguvu huanzia Takaungu. Waingereza walimtawaza Rashid bin Salim, mwana wa liwali aliyefariki, na kumpita Mbaruk wa Takaungu aliyekuwa na dai lake kwa mujibu wa sheria ya urithi. Waliopinga walishindwa wakakimbilia kwa jamaa yao Gazi. Mzee wa Gazi akatakiwa achague kati ya utii kwa serikali na hifadhi ya ndugu zake, na uamuzi wake ukamtoa nyumbani. Tokeo lake ni kwamba nguvu za Wamazrui pwani zilivunjika, na utawala wa Kiingereza haukupata tena mpinzani wa namna hiyo kati ya mabwana wa ukanda huu. Raundi hii ni ya polepole na haina shangwe, na pengine mtu atashawishika kuiondoa. Ikiondolewa, mchezo hubaki wa majina na miaka, hali mtihani huuliza sababu na matokeo.

Mchezo mzima basi una alama 44 na huchukua saa moja na robo hivi. Malalamiko huletwa na kapteni peke yake, kabla ya raundi inayofuata kuanza, na hukumu hutolewa kwa kufungua kitabu cha darasa. Swali likionekana kuwa na kasoro, hufutwa kwa timu zote na swali la akiba huchukua nafasi yake. Wako wanaopendelea kuzipa timu zote alama za swali bovu. Hakuna tofauti katika msimamo wa timu, lakini alama za bure huziba macho ya atakayesoma daftari baadaye.

Maswali mabovu yana dalili zake. “Utumwa ulikomeshwa mwaka gani?” lina majibu matatu ya kweli kwa msomaji wa pwani hii: 1897 Zanzibar, 1907 pwani ya Kenya, 1922 Tanganyika. “Vita vya Zanzibar vya 1896 vilichukua dakika ngapi?” halifai kabisa, kwa kuwa vitabu vinatofautiana kati ya dakika 38 na 45. Kipindi kikisogezwa mbele huja mtego mwingine, unaoihusu Munje yenyewe: mwanafunzi akiulizwa kama kijiji hiki kilikuwa katika koloni la Kenya mwaka 1950, wengi watasema ndiyo. Tangu 1920 bara ndiyo iliyokuwa koloni. Ukanda wa pwani ulikuwa nchi ya hifadhi chini ya bendera ya Sultani, na uliunganishwa na Kenya kwa mapatano ya Oktoba 1963. Mwuliza maswali ambaye hajajiandaa naye hukosea hapo, na mwanafunzi aliyesema kweli hunyimwa alama.

Inabaki sare. Sare ya nafasi za chini haikatwi. Timu zinazolingana hushika nafasi moja. Sare ya nafasi ya kwanza hukatwa, na njia mbili zilizozoeleka zina kasoro zile zile zilizokwisha kutajwa. Swali la kengele hurejesha ugomvi wa sikio. Swali la zamu hadi mmoja akosee hurejesha bahati ya swali jepesi. Njia ya tatu, ya kutazama nani aliyeongoza raundi nyingi, huonekana safi kwa sababu haihitaji swali jipya. Lakini huipa uzito raundi ambayo hakuna aliyeambiwa kwamba ina uzito wa ziada.

Njia inayofuata kanuni ya mchezo ni miaka mitatu iliyofungwa. Timu zilizolingana huulizwa matukio matatu ambayo hayakuguswa katika raundi yoyote, huandika mwaka wa kila moja kwa wakati mmoja, na karatasi hufunuliwa pamoja. Kwa kila jibu huhesabiwa tofauti kati ya mwaka ulioandikwa na mwaka wa kweli, iwe mbele au nyuma. Tofauti tatu hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Swali moja halitoshi, kwa sababu timu mbili zinaweza kukosea kwa kiasi kile kile, na kwa sababu swali moja linaweza kuangukia somo ambalo mchezaji mmoja alilisoma jana usiku.

Mfano wa kubuni unaonyesha njia inavyofanya kazi na inapoweza kuteleza. Timu ya Gazi imepata 12 katika raundi ya kwanza, 7 katika ya pili, 6 katika ya tatu na 5 katika ya nne. Vanga imepata 14, 5, 7 na 4. Shimoni ina 28, Ramisi 25. Gazi na Vanga zote zina 30. Zinaulizwa reli ilifika Kisumu mwaka gani, utumwa ulikomeshwa kisheria pwani ya Kenya mwaka gani, na Barghash alitawazwa mwaka gani. Gazi wanaandika 1903, 1897 na 1873: wamekosea kwa miaka 2, 10 na 3, jumla 15. Vanga wanaandika 1901, 1907 na 1887: sifuri, sifuri na 17, jumla 17. Kwa hesabu hiyo Gazi wameshinda, ingawa hawakupata mwaka hata mmoja, na wapinzani wao wamepata miwili kati ya mitatu.

Matokeo hayo hayaridhishi, na kisa chake kinaonekana: kosa moja kubwa limemeza majibu mawili kamili. Dawa ni kuweka kikomo cha kosa. Ikiamuliwa kwamba hakuna kosa linalohesabiwa zaidi ya miaka 10, Gazi wanabaki na 15, Vanga wanashuka hadi 10, na ushindi unahama. Kikomo cha 10 kinafaa kwa kipindi cha miaka thelathini na saba, kwa maana aliyekosea kwa zaidi ya hapo amelikosa tukio lenyewe, na kumpima amelikosa kwa umbali gani hakuongezi maarifa. Lakini kwa kuwa kikomo kinaweza kubadilisha mshindi, lazima kiandikwe ubaoni kabla ya swali la kwanza la raundi ya kwanza. Kikitangazwa baada ya sare kutokea, hata mwalimu mwadilifu kuliko wote atakuwa ameiteua timu moja. Jumla zikilingana tena, swali la nne huulizwa kwa kanuni ile ile, kisha la tano, hadi tofauti ipatikane. Kwa hiyo mwandaaji huja na maswali ya sare yasiyopungua sita, yote ya miaka isiyobishaniwa vitabuni.

Baada ya mshindi kutangazwa, karatasi hazitupwi. Waamuzi huandika katika daftari kila swali na idadi ya timu zilizolikosa. Swali lililopatwa na zote halikuipambanua timu yoyote. Kwa marudio yajayo linaweza kuachwa. Swali lililokoswa na zote huchunguzwa kwanza kama lilieleweka, kabla ya kudhaniwa kwamba somo halikujulikana. Yaliyokoswa na timu mbili au tatu ndiyo hazina ya mwalimu, hasa kosa lenyewe likisomeka. Gazi walipoandika 1897 badala ya 1907 hawakubahatisha: waliijua sheria ya Zanzibar, wakaivusha bahari. Vanga walipoandika 1887 walikuwa na mwaka wa kweli wa Barghash mikononi, ila ni mwaka wa mkataba wake na kundi la Mackinnon, karibu na mwisho wa utawala wake. Katika mchezo wa wiki inayofuata makosa hayo mawili hurudi kama kadi za raundi ya pili: sheria ya Zanzibar na sheria ya pwani ya Kenya katika mkupuo mmoja, kutawazwa kwa Barghash na mkataba wake wa 1887 katika mwingine.